Barua ya daktari ya kwenda nayo Uingereza: niache mstari mmoja?

*Shikamoo mama,*

*Nina miaka 34, naishi Dar es Salaam. Mwezi wa tisa naondoka kwenda Leeds, Uingereza, kusoma shahada ya uzamivu kwa miaka minne. Viza tayari. Wiki chache za mwanzo nitakaa kwa mjomba, kisha nihamie hosteli ya chuo.*

*Natumia dawa za kufubaza virusi tangu 2014. Nyumbani anajua dada yangu tu. Nilianza na zile za zamani, 2019 nikabadilishiwa TLD. Mwaka 2018 tulifiwa na baba, nikayumba, nikaruka dawa, virusi vikapanda. Walinikalisha kwa ushauri miezi mitatu, vikashuka, na mpaka leo havionekani kwenye kipimo. Mwanzoni kabisa Septrini ilinichachamaa: vipele, vidonda mdomoni, nikalazwa. Mama husema pia nina aleji ya penisilini, ati nilivimba nilipochomwa PPF nikiwa na miaka minne. Nina faibroidi, damu inatoka nyingi, kwa hiyo nakunywa vidonge vya kuongeza damu. Kadi yangu ya chanjo ya utotoni ilipotea tulipohama.*

*Mke wa mjomba ndiye atakayenipeleka kujiandikisha kwa daktari wa mtaa wao. Amesema nimtumie barua ya daktari kwa wasapu aitangulize. Daktari wangu wa CTC anasema ataandika barua moja yenye kila kitu, hawezi kuandika nusu. Dada anasema nichukue barua safi kutoka zahanati nyingine, niandikiwe damu na aleji basi, na vidonge nivitie kwenye chupa za vitamini. Nikifika nitajua la kufanya. Silali. Nikiandika kila kitu, familia nzima itajua kabla ndege haijatua. Nisipoandika, naogopa nitakachokuwa nimekificha. Nifanyeje?*

*Mwenye Safari*

---

Marahaba mwanangu. Na pole kwa baba.

Nimekaa kliniki ya tiba na matunzo miaka mingi kabla sijastaafu, na barua za uhamisho nimezijaza mpaka kidole kikaota sugu. Nyingi zilikuwa za watu wanaohama kutoka Temeke kwenda Mbeya, chache za wanaovuka bahari. Hofu ilikuwa ileile. Hakuna aliyekuwa akimwogopa daktari mpya. Kila mmoja aliogopa mikono ambayo karatasi ingepitia njiani.

Kwa hiyo naomba tuanze na mikono hiyo. Ukiisoma upya barua yako utaona mahali siri inapoweza kuvuja ni pamoja tu, nayo ni simu ya mke wa mjomba, huyo shangazi yako wa Leeds. Ninajua anakusaidia kwa moyo mweupe. Lakini nani alisema barua lazima itangulie? Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa kule, wanayemwita GP, ni kujaza fomu: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Barua ya historia ya ugonjwa haidaiwi ili uandikishwe. Unaipeleka mwenyewe siku unapoonana na daktari au muuguzi, ikiwa ndani ya bahasha, mlango umefungwa. Shangazi anaweza kukusindikiza hadi kwenye viti vya kusubiria, akakuelekeza basi la kurudia nyumbani, na bado asijue kilichomo. Ukimjibu "daktari wangu amesema nitaibeba mwenyewe, si ya kutuma", hujadanganya. Na daktari wako naye hapa nyumbani amefungwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Hawezi kumpa mtu mwingine habari zako bila ridhaa yako, hata huyo mtu awe ndugu wa damu.

Kuna dhana nyingine sikuiona imeandikwa wazi, ila naihisi chini ya maneno yako: kwamba kujulikana hospitalini kule kunaweza kugusa viza au nafasi yako chuoni. Uingereza haikukuomba kipimo cha VVU ulipoomba viza. Walichotaka ni kipimo cha kifua kikuu, ile picha ya kifua, kwa sababu unatoka Tanzania na unakaa zaidi ya miezi 6. Ada ya afya uliyolipia pamoja na viza, ambayo kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, inakupa haki ya kutibiwa kama mkazi. Na hata asiyelipa ada hiyo, tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU nchini Uingereza hayatozwi kwa mtu yeyote, awe na kibali cha namna yoyote. Ungekuwa unakwenda kufanya kazi nchi za Ghuba ningekuambia mengine kabisa, maana kule kipimo hicho kinaweza kukurudisha uwanja wa ndege. Unakokwenda siko huko.

Sasa tuiangalie hiyo "barua safi" ya dada. Simlaumu, anakulinda. Lakini tuichukue kama ilivyo, tuiweke mezani kwa daktari wa Leeds, tuone anasoma nini.

Anasoma kwamba una upungufu wa damu kutokana na faibroidi. Vizuri. Anaandika vidonge vya madini ya chuma, labda vyenye nguvu kuliko vyako. Hajui kwamba kila siku unameza TLD, na kwamba dolutegraviri iliyomo hushikana na chuma tumboni, ikatoka nacho bila kuingia yote kwenye damu. Wewe nadhani hapa Dar ulifundishwa: TLD saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake, au vyote viwili pamoja na chakula cha kushiba. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini nazo zina tabia hiyohiyo, na za kiungulia ni za kununua tu dukani. Daktari asiyejua hawezi kukukumbusha. Virusi vikianza kupanda taratibu, hakuna atakayekuwa anavipima.

Anasoma pia neno "aleji ya Septrini". Daktari makini atainua kichwa na kuuliza, mtu mzima wa miaka 20 na kitu alikuwa akimeza Septrini ya nini? Hapo utakuwa umekaa kwenye kiti, unatunga jibu papo hapo. Mstari uliouficha unachungulia kupitia mistari uliyoiacha.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile "nikifika nitajua la kufanya". Wapo wanaofika wakaamua kuanza upya: wanakwenda kliniki, wanajifanya ndiyo kwanza wanapima, wakitumaini damu itasema yenyewe. Mwanangu, damu yako haiwezi kusema. Kipimo cha kama virusi vimezoea dawa kinahitaji virusi vya kutosha kusomwa, na kwako havionekani. Hiyo ni habari njema, ila ina maana kwamba yaliyotokea 2018 hayapo tena kwenye damu kwa namna ambayo maabara itayaona kirahisi. Yapo kwenye faili la CTC peke yake.

Na yana uzito, ngoja nikueleze kwa nini. Uliporuka dawa mwaka ule yaelekea ulikuwa kwenye mseto wa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Virusi vikizaliana huku dawa ikiwa kidogo mwilini, lamivudini na efavirenzi ndizo vinazozizoea upesi. Huenda havikuzoea kitu, maana vilishuka baada ya ushauri bila kubadilishiwa dawa, na hiyo ni dalili nzuri. Ila huenda vipo vichache vilivyojificha na kumbukumbu hiyo. Leeds unaweza kukutana na daktari atakayekwambia, "Unaendelea vizuri, tukupunguzie dawa, ubaki na mbili tu, dolutegraviri na lamivudini kwenye kidonge kimoja." Kule ni jambo la kawaida na kwa wengi linafaa. Kwa mtu ambaye virusi vyake viliwahi kupanda akiwa anatumia lamivudini, daktari hufikiri mara mbili. Atafikirije mara mbili kama hajui?

Kuna la pili kwenye uamuzi huohuo wa kupunguza dawa, na hili waulize CTC hata kesho: homa ya ini B. Tenofoviri na lamivudini zinatibu VVU, lakini pia zinavizuia virusi vya homa ya ini B. Mwenye maambukizi yote mawili akiondolewa tenofoviri, ini linaweza kulipuka hata kama VVU imetulia kabisa. Je, uliwahi kupimwa homa ya ini B? Lini? Jibu lilikuwa nini? Hujanitajia, na watu wengi hawakumbuki kwa sababu lilikuwa tiki moja kwenye fomu miaka kumi iliyopita. Kama halimo kwenye faili, omba upimwe kabla hujaondoka, jibu liandikwe.

Nimelikalia hili kwa muda kwa sababu ndilo sehemu ya barua ambayo hakuna wa kukuandikia upya ukiwa mbali. Presha watakupima, damu watakupima, faibroidi wataiona kwa altrasaundi. Historia ya dawa ulizotumia na siku zilipokushinda haipimwi.

Turudi kwenye aleji, maana hapo mama yako na Septrini wamewekwa kapu moja wakati si ndugu.

Yaliyokupata kwa Septrini ni mazito. Vipele pamoja na vidonda mdomoni, hadi kulazwa, ni aina ya mzio ambayo ikirudi inaweza kuchubua ngozi na kuua. Hiyo haiandikwi kwa neno "aleji" tu. Ningependa kuiona barua imeiandika hivi, na namwachia daktari wako tarehe zake:

> *Kotrimoksazoli (Septrini). Mwezi na mwaka. Siku ya ngapi tangu kuanza dawa. Vipele mwili mzima, vidonda mdomoni, macho yalihusika au la, malengelenge yalikuwepo au la, homa. Alilazwa siku kadhaa. Dawa ilisitishwa, hajapewa tena. ASIPEWE dawa hii. SP ya malaria nayo aepushwe.*

Yale maneno "siku ya ngapi" yanaonekana madogo. Vipele vinavyotoka nusu saa baada ya kumeza dawa ni mzio wa namna moja. Vinavyotoka baada ya wiki moja au mbili pamoja na vidonda mdomoni ni wa namna nyingine, na daktari huvisoma tofauti. Kama hukumbuki, kadi yako ya CTC ya mwaka huo itaonyesha siku ulipoanzishiwa na siku uliporudi.

Penisilini sasa. Mtoto wa miaka minne alichomwa PPF, akavimba. Alivimba wapi? Palipochomwa sindano, au uso na midomo? Alibanwa pumzi? Ilikuwa ndani ya dakika au kesho yake? Alikuwa na homa gani, maana watoto wenye homa za virusi hutoka vipele vyenyewe, dawa ikabebeshwa lawama. Mpigie mama, muulize hivyo hivyo, usimuulize "nina aleji?" maana hilo ameshalijibu miaka 30. Kisha jiulize mwenyewe: tangu hapo hujawahi kumeza amoksilini, ile ya rangi mbili, kwa jino au kifua? Wengi wamemeza bila kujua kwamba ni penisilini. Katika watu wanaosema wana mzio wa penisilini, tisa kati ya kumi au zaidi wakipimwa vizuri hukutwa hawana. Ikiwa ulimeza ukamaliza dozi salama, daktari aandike yote mawili, simulizi ya mama na dozi iliyopita salama na mwaka wake. Usiifute wewe, na usiibebe kama ilivyo. Kule jina la dawa likishaingia kwenye sehemu ya mzio, linamtokea daktari kila akitaka kukuandikia, na utapewa dawa nyingine isiyofikia uzuri wake kwa miaka yote minne. Kwa mtu ambaye salfa kama Septrini tayari amekatazwa, kupoteza na penisilini bila sababu ni hasara.

Chanjo hazinisumbui sana. Kadi imepotea, basi iandikwe imepotea. Mtu akikuambia ujaze tarehe za kukisia ili ipendeze, kataa. Kule utaratibu ni kwamba chanjo isiyo na rekodi inahesabiwa kuwa haikutolewa, na unapangiwa upya, haina madhara. Daktari aandike mwaka wako wa kuzaliwa, kama una kovu la BCG begani, na zile za ukubwani zenye ushahidi: UVIKO, pepopunda, homa ya manjano kama unacho kile kitabu cha njano (cheti chake tangu Julai 2016 ni cha maisha). Homa ya ini B, kwa umri wako, haikuwa kwenye ratiba ya watoto Tanzania ulipozaliwa. Ila hata hapa ule mstari unajitokeza tena: wakitaka kukuchoma chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ambayo ni ya virusi hai, daktari anahitaji kujua CD4 yako, ile hesabu ya chembe za kinga. Ikiwa juu ya 200 na umetulia, huchomwa bila shida. Ikiwa chini, haichomwi. BCG yenyewe hupaswi kurudishiwa kabisa.

Na kama uliwahi kumeza dawa ya kujikinga na kifua kikuu, ile isoniazidi ya miezi sita wanayotoa CTC, tarehe ya kuanza na kumaliza iandikwe. Kule watakupima kifua kikuu kilicholala. Kipimo kinaweza kuonyesha ndiyo hata baada ya kumaliza dawa, ukaanzishiwa tena bila sababu.

Sasa njia zilizo mbele yako. Naziona mbili zenye akili, na kila moja ina miiba yake.

Ya kwanza ni ile ya daktari wako: barua moja, kila kitu ndani. Uzuri wake ni kwamba hakuna daktari atakayefanya kazi gizani, na wewe huna haja ya kukumbuka nani unamwambia nini. Ubaya, ni karatasi moja yenye maisha yako yote. Ikidondoka mezani kwa mjomba imedondoka nzima. Ukichagua hii, nakala mbili zilizogongwa mhuri, moja kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya begi la mkononi pamoja na dawa, nyingine mahali pengine. Usipige picha ikakaa kwenye simu ambayo picha zake zinajituma zenyewe.

Ya pili, barua mbili. Kule kliniki za VVU na afya ya uzazi unaweza kuzipigia mwenyewe na kuomba nafasi bila kupitia kwa GP, hata kabla hujaandikishwa kwake. Barua kamili ya CTC inakwenda huko. Ya pili, fupi, ya faibroidi, upungufu wa damu na aleji, inakwenda kwa GP. Hapa daktari wako anaweza kugoma, na nadhani ninaelewa kwa nini alisema hawezi kuandika nusu: akiandika "dawa anazotumia: vidonge vya chuma" basi, amesaini uongo. Ila barua inayosema "hii ni muhtasari wa tatizo la faibroidi na mizio, maelezo mengine yatatolewa na mgonjwa" si uongo. Mpelekee sentensi hiyo, usikie atasemaje. Mwiba wa njia hii ni ule wa chuma na kiungulia: GP hajui, kwa hiyo mlinzi ni wewe, kila dawa mpya unaipigia simu kliniki kabla ya kumeza. Kliniki nayo itakuomba ruhusa ya kumwandikia GP, na itakuuliza tena na tena. Unaweza kukataa leo, ukakubali mwaka kesho. Wapo waliofanya hivyo mpaka walipomzoea daktari wao.

Kuna uvujaji mmoja ambao barua moja au mbili haziuzuii, na kwa kweli huu naona ni mkubwa kuliko wasapu ya shangazi. Hospitali za kule bado zinatuma barua kwa posta. Ukijiandikisha kwa anwani ya mjomba, tarehe ya miadi yako itaangukia mlangoni kwake, na ndani ya nyumba za Waswahili bahasha ya mtoto hufunguliwa na yeyote aliye karibu na mlango. Siku ya kwanza kliniki waambie: msitume kitu nyumbani, tumieni namba hii ya simu. Wamezoea kuombwa hivyo. Namba na barua pepe ziwe zako, si za shangazi aliyekusaidia kujaza fomu. Au je, unaweza kuahirisha kujiandikisha kwa GP mpaka uhamie hosteli? Kwa dawa za kutosha mkononi, wiki hizo chache si nyingi.

Ndiyo maana idadi ya vidonge ni sehemu ya barua. Kwa mtu aliyetulia kama wewe, CTC hutoa dawa za miezi mitatu hadi sita. Waeleze safari mapema, uombe ya sita. Daktari aandike ulipewa vidonge vingapi na vinaisha tarehe gani. Kliniki ya Leeds ikiona tarehe hiyo, itajua nafasi yako isisogezwe mbele ya hapo.

Halafu mambo madogo ya uandishi ambayo nimeona yakiwachanganya watu. Barua iwe ya Kiingereza, imechapwa. Dawa ziandikwe kwa majina yake kamili na miligramu: tenofoviri 300, lamivudini 300, dolutegraviri 50, si "TLD" peke yake. Mwezi uandikwe kwa herufi, si namba, ili 4/3 isije ikageuka Aprili mkononi mwa mtu mwingine. Vipimo vya virusi visiandikwe "vizuri". Iandikwe idadi na tarehe, cha mwisho na hicho cha 2018, na kilichofuata baada ya ushauri. Na saa! Niliwahi kuona barua imeandikwa kwamba mgonjwa anameza dawa "saa 3:00 usiku". Mtu alitafsiri neno kwa neno, ikawa saa tatu ya usiku wa Kizungu, yaani saa tisa alfajiri kwetu, na kijana wa watu akaulizwa kama huwa anaamka usiku wa manane kumeza dawa. Iandikwe 21:00, yaishe. Chini yake mhuri, jina la daktari, na simu na barua pepe ya kituo, maana daktari mpya akiwa na swali la 2018 kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Chupa za vitamini ndizo nisizozipatia utetezi. Afisa wa forodha akikuta vidonge ambavyo havifanani na lebo, atauliza mbele ya watu, na hapo ndipo utakapolazimika kueleza kwa sauti kile ulichokuwa ukificha. Vikiwa kwenye chupa yake, na bahasha pembeni, aghalabu hakuna anayeuliza. Nyumbani kwa mjomba ni suala jingine: begi lenye kufuli dogo linatosha, na kidonge kimoja kwa siku hakichukui muda kumezwa.

Una wiki kadhaa kabla ya mwezi wa tisa. Ukienda CTC kuchukua dawa, nenda na maswali matatu: jibu la homa ya ini B, namba ya kipimo cha 2018, na tarehe za Septrini. Ukirudi na hayo mkononi niandikie tena, uniambie daktari alisemaje kuhusu ile sentensi ya barua ya pili.